Muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti una uzito gani mgogoro ukizuka? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa makatibu, wenyeviti na wajumbe wa bodi za kampuni, SACCOS, vyama na halmashauri za vijiji. Karibu yote yanahusu dakika chache ambazo wajumbe wengi huzipuuza, pale mwenyekiti anaposema: "Tupitie muhtasari wa kikao kilichopita. Ukurasa wa kwanza… wa pili… kuna marekebisho?" Ukumbi unanyamaza, mmoja anatoa hoja, mwingine anaunga mkono, na kikao kinaingia kwenye yatokanayo. Ukimya huo unaweza kusomwa mahakamani miaka 10 baadaye.

Tunapothibitisha muhtasari, tunathibitisha nini hasa?

Mnathibitisha kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyotokea, basi. Hamkubaliani upya na uamuzi wenyewe. Tuseme bodi ya SACCOS ilipitisha mwezi Machi kununua kiwanja, na mjumbe mmoja alipinga. Mwezi Juni hawezi kukataa muhtasari usithibitishwe kwa sababu bado haupendi ununuzi huo. Akitaka uamuzi utenguliwe, alete agenda ya kuutengua. Anachoweza kusema kwenye uthibitisho ni kwamba bei iliyoandikwa siyo iliyotajwa, au kwamba jina lake halimo kwenye mahudhurio.

Kutokana na hilo, uamuzi unaanza kufanya kazi siku ulipopitishwa, isipokuwa katiba ya chama au azimio lenyewe likisema vinginevyo. Wapo watendaji wanaochelewesha utekelezaji wakidai "muhtasari bado haujathibitishwa." Hawana msingi. Muhtasari ni ushahidi wa uamuzi, na uamuzi unaweza kuwepo hata kabla ushahidi wake haujasainiwa.

Nani asaini, mwenyekiti wa kikao kilichofanyika au wa kikao kinachothibitisha?

Kwa kampuni, sheria za mkondo wa Uingereza zimezoea kukubali mmojawapo: mwenyekiti wa kikao chenyewe, au mwenyekiti wa kikao kinachofuata. Kwa hiyo mwenyekiti wa Machi akiwa safarini Juni, anayekalia kiti siku hiyo anaweza kusaini baada ya wajumbe kuthibitisha. Vyama vingine vimeweka masharti yao ndani ya katiba, kwa mfano kwamba mwenyekiti na katibu wasaini wote wawili. Hapo fuata katiba yenu.

Anayesaini aandike jina kamili, cheo alichokuwa nacho siku hiyo, na tarehe halisi ya kusaini. Tarehe ya kusaini haipaswi kufanana na ya kikao kama kweli imesainiwa miezi mitatu baadaye. Kurudisha tarehe nyuma ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili, kwa sababu akishaonyesha kwamba tarehe moja ni ya uongo, ataomba mahakama isiiamini karatasi nzima.

Saini hiyo inaongeza nini?

Inahamisha mzigo. Kanuni iliyomo kwenye sheria za kampuni za mkondo huo, na ambayo tumeirithi Afrika Mashariki, ni kwamba muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti unachukuliwa kuwa ushahidi wa yaliyofanyika, na kikao kinahesabiwa kuwa kiliitishwa na kuendeshwa ipasavyo, mpaka ithibitishwe kinyume chake. Maneno ya mwisho ndiyo ya kuyatazama. Muhtasari hauufungi mjadala, ila anayeupinga ndiye mwenye kazi ya kuleta ushahidi.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililiweka hivyo mwaka 1884 kwenye shauri la kampuni ya Indian Zoedone. Mwenyekiti alikuwa ameamua kuhusu kura zilizopigwa, na uamuzi wake ukaandikwa kwenye kumbukumbu. Mahakama ikasema uamuzi huo usimame mpaka anayeulalamikia aonyeshe kosa. Bila saini, muhtasari bado unaweza kutumika, lakini aliyeuleta ndiye atakayehangaika kuita mashahidi wa kueleza nani aliuandika, lini, na kwa nini uaminiwe.

Je, kuna shauri linaloonyesha jinsi hili linavyokwenda kwa vitendo?

Lipo, na kila mjumbe wa bodi angefaa kulijua. Ni la kampuni ya James Hardie ya Australia, iliyotengeneza bidhaa za ujenzi zenye asbesto kwa miaka mingi na kukabiliwa na madai ya watu waliougua kutokana nazo.

Tarehe 15 Februari 2001 bodi ilikutana Sydney. Ilikubali kuzitenga kampuni tanzu mbili zilizobeba madai hayo na kuziweka chini ya mfuko maalumu. Kesho yake tangazo likatolewa kwenye soko la hisa likisema mfuko huo una fedha za kutosha kulipa madai yote halali. Hazikutosha, na pengo lililokuja kuonekana lilikuwa kubwa mno.

Msimamizi wa kampuni wa nchi hiyo, ASIC, aliwashtaki wakurugenzi. Hoja yake ilikuwa kwamba rasimu ya tangazo ililetwa mezani siku ile na bodi ikaipitisha. Ushahidi wake mkuu ulikuwa muhtasari. Uliandika kwamba tangazo liliwasilishwa mezani, na kwamba iliazimiwa tangazo hilo liidhinishwe na lipelekwe soko la hisa. Muhtasari huo ulithibitishwa na bodi kwenye kikao cha mwezi Aprili mwaka huohuo na kusainiwa na mwenyekiti.

Wakurugenzi wasio watendaji wakajitetea kwamba jambo hilo halikutokea. Hakuna, walisema, aliyekumbuka rasimu ya tangazo ikiletwa mezani. Wawili kati yao hawakuwepo ukumbini, walishiriki kwa simu kutoka Marekani. Halafu muhtasari wenyewe ulikuwa na makosa ya wazi katika mambo mengine, na mawakili wa kampuni walikuwa wameandaa rasimu yake kabla kikao hakijafanyika. Wakauliza: karatasi iliyoandikwa kabla ya tukio inawezaje kuthibitisha tukio?

Shauri lilipanda na kushuka. Mwaka 2009 jaji wa kwanza aliuamini muhtasari. Desemba 2010 Mahakama ya Rufani ya New South Wales ikaona ASIC haikuthibitisha dai lake, ikitilia maanani kwamba haikumwita shahidi muhimu, wakili aliyekuwepo kwenye kikao. Tarehe 3 Mei 2012 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa huko, ikaurudisha ushindi kwa ASIC.

Sababu zake ndizo za kuzingatia. Muhtasari ulikuwa kumbukumbu rasmi, iliyopitishwa na bodi yenyewe wiki chache tu baada ya kikao. Makosa yaliyokuwemo yalionyesha kwamba haukuwa sahihi kwa kila neno, lakini hayakuonyesha kwamba azimio la tangazo lilikuwa la kubuni. Na mtu kusema miaka mingi baadaye kwamba hakumbuki si sawa na kusema halikutokea. Tangazo lilikuwa hadharani, muhtasari ulikuwa mikononi mwao, na mwezi Aprili hakuna aliyeinua mkono kusema, "Hili hatukulipitisha."

Kwa hiyo ni kosa kuandaa muhtasari kabla ya kikao?

Si kosa kuandaa mifupa: agenda, majina, nafasi za kujaza, hata maneno ya azimio lililopendekezwa. Makatibu wengi wazuri hufanya hivyo, na maazimio yenye lugha ya kisheria hutoka vizuri zaidi yakiandaliwa mapema. Kosa ni kuacha mifupa hiyo isimame kama mwili. Ukiwa umeandika "Wajumbe walijadili kwa kina na kuridhia kwa kauli moja" kabla hawajaketi, na wakati wa kikao wawili wakapinga, sentensi hiyo lazima ifutwe.

Ninashauri katibu aisome rasimu yake ndani ya siku 3 baada ya kikao huku daftari lake la kikao likiwa pembeni, kisha aisambaze kwa wajumbe mapema. Mjumbe anayepewa kurasa 14 mlangoni hawezi kuzikagua, na atathibitisha asichokisoma. Kisheria atabanwa nacho vilevile.

Nimeona kosa siku ya kuthibitisha. Nifanye nini?

Lisemwe kwa sauti, na masahihisho yaandikwe mara mbili. Kwanza, kwenye muhtasari wenye kosa: neno lisilo sahihi likatwe kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, sahihi liandikwe juu yake, na mwenyekiti aweke herufi za jina lake pembeni kabla ya kusaini mwishoni. Pili, kwenye muhtasari wa kikao kinachothibitisha, kwa namna hii: "Ukurasa wa 3, agenda ya 5: panaposomeka 'shilingi milioni 12' pasomeke 'shilingi milioni 21'. Kwa marekebisho hayo muhtasari ulithibitishwa."

Njia hiyo ya pili ndiyo kinga yenyewe, kwa kuwa atakayedai baadaye kwamba tarakimu zilichezewa atakutana na kumbukumbu ya kikao kizima ikieleza kwa nini zilibadilika.

Na kosa likionekana baada ya mwenyekiti kusaini?

Usiiguse karatasi ile. Mwaka 1889, kwenye shauri la Cawley na Kampuni, majaji wa Uingereza walikemea tabia ya kuchezea kumbukumbu za bodi zilizokwisha kuandikwa na kusainiwa. Msimamo huo haujachakaa. Lete jambo kama agenda kwenye kikao kijacho, wajumbe waazimie kwamba muhtasari wa tarehe fulani ulikosea mahali fulani, na azimio hilo liingie kwenye muhtasari mpya. Karatasi ya zamani ibaki kama ilivyo. Unaweza kuweka alama pembeni inayomwelekeza msomaji kwenye azimio la masahihisho, yenye tarehe na saini, lakini usifute kitu.

Zamani watu walikwangua wino kwa wembe, sasa wanafungua faili, wanabadilisha, wanachapa ukurasa wa pili upya na kuuingiza kati ya wa kwanza na wa tatu. Hugundulika kwa mambo madogo: fonti imebadilika kidogo, sentensi ya mwisho wa ukurasa haiungani na ya juu ya ukurasa unaofuata, au mjumbe mmoja ana nakala ya awali kwenye barua pepe. Ndiyo maana napenda kila ukurasa uwe na namba kwa mtindo wa "2 kati ya 6" na herufi za jina la mwenyekiti chini.

Hatari ya karatasi zisizoshikamana si mpya. Mwaka 1936 mahakama ya Uingereza, kwenye shauri la Hearts of Oak dhidi ya James Flower na Wanawe, ilikataa kumbukumbu zilizowekwa kwenye jalada la karatasi za kuchomoa, kwa hoja kwamba mtu yeyote angeweza kuondoa ukurasa na kuweka mwingine. Sheria zimelegea tangu hapo na zinaruhusu kumbukumbu zisizo za kitabu, ila zinataka pawe na kinga dhidi ya kughushi.

Nilipinga kwenye kikao lakini muhtasari unasema "wajumbe waliridhia." Je, nimeshaathirika?

Bado, kama haujathibitishwa. Omba iandikwe kwamba ulipinga, na ikiwezekana sababu kwa sentensi moja. Mwenyekiti akikataa, mwandikie katibu barua au barua pepe siku hiyohiyo. Barua hiyo haiubadilishi muhtasari, lakini ina kitu ambacho wakurugenzi wa James Hardie hawakuwa nacho, yaani maandishi ya wakati uleule yanayosema kinyume. Kati ya kumbukumbu ya kichwa ya mwaka 2031 na barua pepe ya mwaka 2025, hakimu ataegemea barua pepe.

Kuna uamuzi tulioufanya kweli, lakini katibu hakuuandika. Umekufa?

Haujafa. Kwenye shauri la Fireproof Doors la mwaka 1916, mahakama ya Uingereza ilikubali kwamba azimio lisiloonekana kwenye kumbukumbu linaweza kuthibitishwa kwa ushahidi mwingine, kama vile maelezo ya waliokuwepo na matendo yaliyofuata. Lakini uwe na kitu cha kushika. Malipo yaliyofanyika wiki iliyofuata kwa kiasi kilekile, au barua ya ajira iliyotolewa kutokana na uamuzi huo, itakusaidia kuliko wajumbe watano wanaosimulia hadithi zinazotofautiana.

Nimeuziwa ardhi ya kijiji na nimepewa muhtasari wenye saini na muhuri. Unatosha?

Hapa ndipo Watanzania wengi wanapoumia, kwa hiyo nieleze kwa nafasi.

Kifungu cha 8(5) cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kinakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji itakayotolewa kwanza. Kwa hiyo unahitaji kuona mihtasari miwili. Wa halmashauri, ambayo ina wajumbe 15 hadi 25, na wa mkutano mkuu, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Ukipewa wa halmashauri peke yake, hata ukiwa na muhuri wa buluu uliokolea, una uthibitisho wa nusu ya jambo, na nusu iliyokosekana ndiyo yenye mamlaka ya kuidhinisha.

Ukishapata yote miwili, anza na tarehe. Idhini ya mkutano mkuu inapaswa kutangulia ugawaji. Kisha angalia aliyesaini. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 24 Novemba 2019 na tena tarehe 27 Novemba 2024. Muhtasari wenye tarehe ya Agosti 2024, uliosainiwa na mwenyekiti aliyeingia madarakani kwa mara ya kwanza Novemba mwaka huo kana kwamba ndiye aliyeuongoza mkutano wa Agosti, una maswali mazito ya kujibu. Geuza karatasi utazame mahudhurio: saini 80 zenye mwandiko mmoja na wino mmoja zinajieleza.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni muhtasari wa mkutano uliofuata. Mkutano mkuu hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na ukikaa huthibitisha muhtasari wa uliotangulia. Mwombe mtendaji wa kijiji akuonyeshe jalada na utafute hiyo agenda. Ikisema imethibitisha muhtasari wa Mei wakati wewe umeshika wa Agosti, yaani katikati hakuna kingine, basi mkutano wako wa Agosti haumo kwenye mnyororo wa kijiji. Anayeghushi karatasi moja mara nyingi hasahau saini wala muhuri, ila husahau kwamba kila muhtasari wa kweli una mwenzake anayeutaja. Wakili makini ataomba jalada lote liletwe mahakamani kwa sababu hiyohiyo.

Lingine, mdai ajiandae kuleta nakala halisi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inataka waraka uthibitishwe kwa waraka wenyewe, na kivuli hukubalika kwa masharti tu, kama pale halisi ulipopotea au uko mikononi mwa mpinzani aliyekataa kuutoa.

Kampuni yetu inataka kufungua kesi. Muhtasari unahusikaje?

Mwaka 1970 Mahakama Kuu ya Uganda, kwenye shauri la Bugerere Coffee Growers dhidi ya Sebaduka, ilisema kampuni ikitaka kufungua kesi lazima pawe na azimio la mkutano wa kampuni au wa bodi, na azimio hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Si kila mahakama imeufuata msimamo huo tangu hapo, lakini mawakili wa upande wa utetezi wanaupenda na wanautumia mpaka leo. Pitisheni azimio kabla ya kufungua, si baada ya pingamizi kuletwa.

Je, uthibitisho kwa barua pepe au kundi la WhatsApp unakubalika?

Kutuma rasimu huko na kupokea masahihisho ni sawa. Kwa uthibitisho wenyewe, angalia kama katiba yenu inaruhusu uamuzi nje ya kikao. Saini ya kielektroniki inatambuliwa Tanzania chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Alama ya dole gumba kwenye kundi ni jambo jingine: haielezi ni rasimu ya ngapi mjumbe aliikubali, na kundi lenye rasimu nne litawapa mawakili siku nzima ya maswali.

Katibu atunze daftari lake la kikao baada ya muhtasari kusainiwa?

Ofisi nyingi huliharibu, kwa hoja kwamba kumbukumbu rasmi ni moja. Utaratibu huo unakubalika ukiwa wa kudumu na umeandikwa. Lakini mara tu dalili za mgogoro zinapoonekana, barua ya madai inapoingia au mjumbe anapotishia kwenda mahakamani, daftari, rasimu na sauti zilizorekodiwa zisiguswe. Kuharibu wakati huo kutasomwa kama kuficha.

Mwenyekiti amekataa kusaini, au amefariki kabla ya kusaini. Tufanyeje?

Akifariki, wajumbe wanathibitisha kama kawaida na mwenyekiti wa kikao hicho anasaini, huku sababu ikiandikwa. Akikataa, mwulizeni anapinga nini. Kama anadai kuna kosa, lijadiliwe na wajumbe waamue kwa kura, kwa kuwa kumbukumbu ni ya kikao na si yake binafsi. Kama anakataa kwa sababu hapendi kilichoamuliwa, andikeni kwamba wajumbe wamethibitisha na mwenyekiti amekataa kusaini. Kisha katibu asaini hapo pamoja na wajumbe wawili waliohudhuria. Hautakuwa na nguvu ileile ya saini ya mwenyekiti, na mtahitaji mashahidi wa kuusimamia, kwa hiyo katibu achukue siku hiyo majina kamili na anwani za wote waliokuwepo.